Droo za mkono, kitako cha plaiwudi

*"Shikamoo fundi. Nimeonyeshwa kabati la droo nne pale Keko, Dar es Salaam, la mninga. Muuzaji anataka milioni mbili na laki tatu. Anasema ni la enzi za Mjerumani, kabla ya 1914, kwa sababu droo zimeunganishwa kwa meno yaliyokatwa kwa mkono na mbao zimepasuliwa kwa msumeno wa mkono. Nimekutumia picha sita. Misumari ya nyuma ni ya duara, imezungukwa na weusi nisioujua maana yake, na skrubu za vishikio nyingine zina mstari mmoja, nyingine ni za nyota. Nimwamini?"*

Marahaba, mwanangu. Muuzaji wako huenda wala hakudanganyi. Nimezitazama picha zako kwenye simu, kisha nikazihamishia kwenye kompyuta nizikuze: meno ya droo yamekatwa kwa mkono kweli, na mbao za mgongoni zimepasuliwa kwa mkono kweli. Anapokosea ni pale anaporuka kutoka "kazi ya mkono" hadi "kazi ya zamani". Huko Ulaya na Marekani mruko huo mara nyingi unakubalika, maana mashine zilipoingia viwandani karne ya 19 ziliwanyang'anya mafundi wa mikono karibu kazi yote. Hapa kwetu mashine ilikuja ikamkuta seremala na msumeno wake, wakaendelea kuishi nyumba moja hadi leo.

Nami jambo hili nilililipia ada. Miaka mingi iliyopita nilinunua kasha kubwa la mkongo kwa sababu ubao wake wa chini ulikuwa na mikwaruzo ya msumeno wa mkono, nikajipongeza njia nzima. Miezi michache baadaye akaja karakana kwangu mzee mmoja kunoa patasi, akalitazama lile kasha, akacheka. Alilitengeneza yeye, na mwanawe aliyezaliwa mwaka ule alikuwa bado hajamaliza shule.

Tuanze na meno, kwa kuwa ndiyo hoja kuu ya muuzaji. Kiungo hiki tunakiita mkia wa njiwa: ncha ya ubao wa ubavuni hukatwa meno yanayopanuka kuelekea nje, na ubao wa mbele huchimbwa mashimo ya umbo hilohilo ili uyapokee. Ukivuta droo kwa kishikio, upana wa jino haulipi nafasi ya kuchomoka, na ndiyo maana kiungo hiki huwekwa kwenye droo kuliko mahali pengine popote. Fundi wa mkono huanza kwa mahati, kile kifaa cha kuchorea mstari sambamba na ncha ya ubao. Mstari huo hukwaruzwa kwa pini, hivyo haufutiki, na kwenye picha yako ya pili unaonekana wazi ukipita chini ya meno yote. Halafu hukata kwa msumeno mwembamba na kumalizia kwa patasi. Macho yake ndiyo rula yake, kwa hiyo jino moja huwa nene kidogo, jingine limeinama zaidi, na mara nyingine msumeno hupitiliza mstari kidogo na kuacha mkato mfupi upande wa ndani wa ubao wa mbele. Kwako nimeona meno manne kila upande, hakuna mawili yanayolingana, na mkato uliopitiliza upo.

Meno ya mashine yana sura nyingine. Jino na nafasi vinalingana upana kuanzia juu hadi chini, kana kwamba vimepigwa chapa. Yale ya ruta, mashine ya kuchimbia inayozunguka kwa kasi, yana alama ya ziada: kwa kuwa kisu chake kinazunguka, mashimo yake huwa ya mviringo kwa ndani, na patasi haiwezi kuacha umbo hilo. Meno ya mashine yalianza kuenea kwenye samani za viwandani Ulaya na Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19, hivyo ukiyakuta una uhakika wa upande mmoja: kabati haliwezi kutangulia wakati huo. Meno ya mkono hayakupi mpaka wowote. Kuna vijana Keko hiyohiyo wanaoyakata wiki hii, hasa mteja akiwa mkali au umeme ukikatika.

Hoja ya msumeno ni hivyohivyo. Mikwaruzo hutafutwa mahali ambapo fundi hakujisumbua kupiga randa: mgongoni kwa ndani, chini ya droo, upande wa chini wa ubao wa juu. Msumeno wa duara huacha mistari iliyopinda kama sehemu ya duara kubwa, maana kila jino lake hupita kwenye ubao kwa kuzunguka. Msumeno wa utepe huacha mistari iliyonyooka, iliyobanana, yenye nafasi sawa, kwa kuwa utepe hushuka upande mmoja tu bila kusita. Wapasuaji wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini, huacha mistari iliyonyooka ambayo haifanani mwelekeo: kila mvuto una pembe yake, na wakichoka mistari inalala zaidi. Picha yako ya nne ni ya aina hii ya tatu, wala sina shaka. Lakini mninga wetu umepasuliwa namna hiyo msituni karne yote ya 20, na bado wako wapasuaji wanaofanya hivyo. Alama hiyo inakuambia ubao ulipasuliwa wapi na kwa uwezo gani. Mwaka haumo. Kwenye kabati la Kiingereza lililotengenezwa London ningeichukulia kwa uzito tofauti kabisa.

Basi kama kazi ya mkono haitusaidii, tunashika nini? Tunashika vitu vilivyonunuliwa. Seremala hakujitengenezea misumari, skrubu, kufuli wala plaiwudi. Alivinunua dukani, na vitu vya dukani vina tarehe ya kuanza kuwepo. Kila kimoja ninakiuliza maswali mawili. Kilianza kupatikana lini? Na je, kilikuwemo siku ile kabati linatoka mikononi mwa fundi, au kiliongezwa baadaye? Kati ya vile vilivyokuwemo siku ile, kilicho kichanga kuliko vyote ndicho kinachoamua, hata vingine vyote viwe na sura ya kale. Swali la pili ndilo linalowashinda watu wengi.

Misumari yako ni ya waya: shina la duara lenye unene mmoja, kichwa bapa cha mviringo, na chini ya kichwa vijikwaruzo vidogo ambapo taya za mashine zilishika waya. Kabla ya hiyo kulikuwa na misumari iliyokatwa kutoka kwenye bamba la chuma, ambayo shina lake ni la pembe nne, linapungua kwa pande mbili tu na ncha yake ni butu. Kabla yake tena ipo ya mhunzi, inayopungua pande zote nne na yenye alama za nyundo kichwani. Ya waya ilitawala soko la dunia kuanzia miaka ya 1880 na 1890. Utawala wa Wajerumani hapa ulianza 1885, na Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Kwa hiyo msumari wa duara hauikatai hadithi ya muuzaji, ila hauithibitishi pia. Na usije ukakimbilia upande wa pili ukidhani msumari wa mhunzi ungeithibitisha: pwani hii wahunzi waliendelea kufua misumari ya majahazi muda mrefu baada ya maduka kujaa misumari ya waya, na seremala aliyeishi jirani na mhunzi alitumia alichokipata.

Umeniuliza pia kuhusu weusi unaozunguka misumari. Huo hutokea unyevu unapoyeyusha chuma kidogo na chuma hicho kukutana na tanini iliyomo kwenye mbao. Kwa hewa ya Dar, yenye unyevu na chumvi, weusi huweza kutokea upesi sana. Uwepo wake unasema msumari haukupigwa jana. Usiutumie kuhesabia miaka.

Skrubu zina maneno zaidi. Zile za kale kabisa hazikuwa na ncha kali. Fundi alilazimika kutoboa tundu kamili kwanza. Skrubu yenye ncha inayojichimbia yenyewe ilienea baada ya katikati ya karne ya 19, hivyo kwa kabati lako swali hilo halipo. Skrubu ya mstari mmoja kichwani imetengenezwa nyakati zote na bado inauzwa Kariakoo, kwa hiyo peke yake haina ushahidi. Ya nyota ndiyo yenye tarehe. Henry Phillips alipata hakimiliki za uvumbuzi wake Marekani katika miaka ya 1930, General Motors wakaanza kuitumia kwenye magari yao mwaka 1936, na kwenye samani za kawaida ilienea baada ya Vita vya Pili. Skrubu ya nyota iliyowekwa siku kabati lilipotengenezwa ingemaliza kesi papo hapo.

Ila kwako sidhani kama iliwekwa siku hiyo. Itazame picha ya tano. Kishikio cha droo ya juu kina skrubu za nyota za rangi ya dhahabu, zile zinazouzwa kwa pakiti kila duka la vifaa. Kando ya mojawapo kuna tundu la zamani lililozibwa kwa kijiti, na kuzunguka bamba la kishikio kuna kivuli cha bamba jingine lililokuwa kubwa zaidi. Vishikio vya droo tatu za chini vina skrubu za mstari mmoja, na mabamba yao yanalingana sawasawa na kile kivuli cha juu. Kwa hiyo cha juu kilivunjika kikabadilishwa, labda miaka michache tu iliyopita. Skrubu za nyota ni za tengenezo hilo, na hazina la kusema kuhusu umri wa kabati.

Ukitaka kuhakikisha, mwombe muuzaji ruhusa afungue mwenyewe skrubu moja ya chini na moja ya juu, uziweke kiganjani. Ya zamani ya mbao ina shingo laini isiyo na uzi, takriban theluthi moja ya urefu wake, na uzi huanza chini ya hapo. Hii ya dhahabu ina uzi kutoka ncha hadi karibu na kichwa, na mwili wake ni mwembamba. Tofauti hiyo inaonekana hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi.

Sasa tufike kwenye picha ya sita, ambayo wewe uliipiga kwa bahati tu, ukitaka kunionyesha vumbi. Droo imegeuzwa juu chini, na kitako chake, yaani ubao wa chini unaobeba nguo, kimechanika kidogo pembeni. Kwenye mchaniko ule naona tabaka tatu: la juu na la chini nyuzi zake zinakwenda njia moja, la katikati linakatiza. Hiyo ni plaiwudi. Plaiwudi kama bidhaa ya kawaida ya vitako vya droo na migongo ya makabati ni jambo la miaka ya 1920 na 1930 kuendelea. Fundi wa Dar es Salaam wa mwaka 1910 angeweka mbao za kawaida, unene wa sentimita moja hivi, akazipunguza kingo kwa randa ili ziingie kwenye mfereji uliochimbwa ubavuni mwa droo.

Hapo lile swali la pili linarudi: je, plaiwudi hiyo ilikuwemo tangu mwanzo? Vitako huoza, panya hutoboa, watu hubadilisha. Kitako cha droo huingizwa kwa nyuma, kikateleza ndani ya mifereji ya pembeni na ya mbele, kisha hupigwa misumari miwili mitatu kwenye ukingo wa chini wa ubao wa nyuma. Kama kilibadilishwa, ukingo ule utakuwa na matundu zaidi ya misumari iliyopo, maana ni nadra fundi kulenga tundu lilelile. Kwenye picha yako nahesabu misumari mitatu na matundu matatu. Hakuna la nne. Pia mfereji umeshika plaiwudi bila kulegea, na ndani yake hakuna pengo ambalo ubao mnene ungeacha.

Kwa hiyo, kwa droo moja niliyoiona, plaiwudi ni ya siku ya kwanza. Mninga uliopasuliwa kwa mkono, meno ya mkono, misumari ya waya, skrubu za mstari mmoja zenye shingo laini kama ninavyozitegemea, na kitako cha plaiwudi: vyote vinakaa pamoja bila kugombana kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1970. Nikilazimishwa kuchagua, ningesema miaka ya 1950, karakana ya hapahapa mjini, fundi aliyejifunza kwa mtu mwenye mkono mzuri. Sababu ya kutosogea mbele zaidi ni uchakavu: kingo za chini za droo zimelika kuelekea nyuma, zikawa kama mteremko, na kulika huko kunatokana na miaka mingi ya kuvuta na kusukuma.

Nenda tena Jumamosi na tochi, mchana, na uende na mtu. Toa droo zote nne, si moja. Hesabu misumari na matundu kwenye kila ukingo wa nyuma. Ukikuta droo nyingine ina vitako vya mbao zilizopunguzwa kingo, au matundu mawili mawili, basi hesabu yangu inabadilika na kabati linaweza kurudi nyuma zaidi. Hapo nipigie picha kabla hujatoa pesa. Kisha ingiza mkono ndani ya kabati upapase reli ambazo droo zinapita juu yake. Nazo zinapaswa kuwa zimelika mahali palepale. Droo iliyolika juu ya reli mpya iliyonyooka ina maana reli zimebadilishwa, au droo zimetoka kwenye kabati jingine, na hilo hutokea zaidi ya watu wanavyofikiri. Tochi ilaze karibu na ubao, mwanga upite kwa ubavu. Ubao uliopigwa randa ya mkono utaonyesha vijibonde virefu vya kina kidogo, ambavyo vidole huvihisi kabla ya macho. Ukiona mawimbi madogo yanayolingana yakikatiza ubao, hiyo ni randa ya mashine.

Usishawishike na rangi. Chai nzito, kiwi ya viatu na vanishi yenye rangi vinaweza kulizeesha kabati kwa alasiri moja. Geuza droo: upande wa nje wa kitako na ndani ya mgongo ndiko rangi ya kweli ilipo, kwa kuwa hakuna anayehangaika kupaka huko. Na akikuonyesha kufuli lenye jina la kiwanda cha Ujerumani, lipokee kwa heshima halafu angalia kama shimo lake limekatwa kulingana nalo au limepanuliwa na kuzibwa. Kufuli zuri huhamishwa kutoka kabati hadi kabati.

Kuna mambo ambayo picha haziwezi. Kama anashikilia kuwa ni la Mjerumani na bei haishuki, au kama unalinunua kwa ajili ya kuliuza kwa mtu anayelipa kwa sababu ya umri, mlipe fundi wa samani za kale aje alishike kwa mikono, afungue kitako kimoja na kunusa gundi. Gundi ya zamani ya ngozi hulainika kwa maji ya moto na ina harufu ya mnyama. Gundi nyeupe ya maseremala, iliyoenea baada ya Vita vya Pili, haina. Jaribio hilo hufanywa kwenye kiungo kilichofichika na kwa idhini ya mwenye mali, kwa hiyo usijaribu peke yako uwanjani kwake.

Kuhusu bei: zunguka maduka matatu ya jirani, uulize kabati jipya la mninga la ukubwa ule, lenye meno halisi na siyo misumari iliyofunikwa. Bei hiyo ndiyo ya kuanzia mazungumzo. Mninga wa namna ile, uliokwisha kukauka kwa miongo kadhaa, hautapinda tena nyumbani kwako, na mimi ningemwongezea kidogo kwa hilo. Kwa neno "Mjerumani" nisingemwongezea hata shilingi. Na umwambie abakishe vile vishikio vitatu vya chini kama vilivyo.